Sasisho la kweli la kivinjari halitoki ndani ya ukurasa

Kwenu mnaoanza kazi ya kuhudumia kompyuta za ofisi. Katika ulaghai wote mtakaoletewa, ningependa mwanze kuufahamu ule wa sasisho bandia la kivinjari, kwa sababu unawanasa hata watu waangalifu. Aliyenaswa hakufungua barua pepe ya ajabu wala hakuingia tovuti chafu. Alikuwa anasoma tovuti halali ya duka, ya shule au ya kampuni ndogo, ambayo wahalifu wameidukua na kupachika mistari michache ya msimbo. Programu hasidi moja inayofanya kazi hiyo wataalamu wa usalama wameiita SocGholish, na wengine huiita FakeUpdates. Imekuwepo tangu miaka ya 2017 na 2018, na mtindo wake bado unafanya kazi.

Tuchukue kisa kinavyokwenda. Karani wa hesabu anatafuta jambo kwenye Google, anafungua tovuti mojawapo, na badala ya makala anaona nembo ya Chrome katikati ya ukurasa mweupe. Maandishi yanamwambia toleo lake limepitwa na wakati, na chini yake kuna kitufe cha bluu kilichoandikwa "Update Chrome". Kama angekuwa anatumia Firefox angeona nembo ya Firefox, maana msimbo ule husoma kwanza mgeni anatumia kivinjari gani. Lugha ni safi, nembo ni sahihi, na anwani ni ya https, ambayo vivinjari vingine huionyesha kwa kufuli, kwa kuwa tovuti yenyewe ni halali. Ndiyo sababu nawaomba msiwafundishe watu kutafuta makosa ya tahajia au kutazama kufuli. Hapa vyote viwili vinampa mhalifu alama nzuri.

Kinachotofautisha ni mahali ujumbe ulipokaa. Dirisha la kivinjari lina sehemu mbili. Juu kuna vichupo, sehemu ya anwani na menyu, na hiyo ni ya kivinjari chenyewe. Chini yake ni eneo la ukurasa, na kila kinachoonekana humo kimeandikwa na mwenye tovuti, au na aliyeidukua. Chrome hujipakulia masasisho kimyakimya. Sasisho likiwa tayari na mtu hajafunga kivinjari, alama hutokea juu kulia kwenye menyu ya vitone vitatu. Katika matoleo mengi alama hiyo huwa ya kijani sasisho likiwa na umri wa chini ya siku 2, ya chungwa likifika kama siku 4, na nyekundu likipita wiki. Kinachotakiwa ni kuzima kivinjari na kukiwasha tena. Hakuna faili linaloshuka kwenye folda ya Downloads, na hilo ndilo jambo ninalotaka mtumiaji wenu alikumbuke kuliko mengine yote.

Akipata shaka, asibishane na ukurasa. Akifunge kile kichupo, afungue kipya na aandike mwenyewe:

```
chrome://settings/help
```

Hapo Chrome hujikagua na kusema kama imesasishwa. Kwa Edge ni `edge://settings/help`, na kwa Firefox ni menyu, kisha Help, kisha About Firefox. Ukurasa wa tovuti ukidai toleo ni la zamani huku Chrome yenyewe ikisema iko sawa, umeshapata jibu. Kwenye simu ya Android utaratibu ni uleule: fungua Play Store mwenyewe, tafuta programu, uone kama kuna kitufe cha kusasisha.

Sasa turudi kwa karani wetu, tuseme amebofya. Kilichoshuka mara nyingi ni faili la `.zip` lenye faili moja ndani, au faili la `.js` moja kwa moja, kwa mfano `Update.js`. Windows kwa kawaida huficha kiendelezi cha jina, kwa hiyo yeye anaona neno "Update" tu. Kisakinishi cha Chrome kwa Windows ni `.exe` au `.msi`. Hakijawahi kuwa `.js`. Akilibofya mara mbili, Windows inaliendesha kwa programu yake yenyewe iitwayo `wscript.exe`. Hakuna dirisha linalofunguka wala kivinjari kinachobadilika, naye anaendelea na kazi. Nyuma ya pazia msimbo unawatumia wahalifu jina la kompyuta, jina la mtumiaji, na habari ya kama kompyuta imeunganishwa kwenye mtandao wa ofisi. Wakiona ni ofisi yenye kompyuta nyingi, huendelea, na baadhi ya mashambulizi hayo yameishia kwa mafaili ya kampuni nzima kufungwa na fidia kudaiwa.

Jambo linalowapotosha mafundi wapya ni hili: karani anakuita, unafungua tovuti ileile, na unaikuta safi kabisa. Msimbo ule kwa kawaida hauonyeshi ukurasa bandia mara ya pili kwa mtu yuleyule, na mara nyingi humchagua mgeni aliyetokea kwenye matokeo ya utafutaji. Usimwambie karani ameona vibaya. Fungua `chrome://downloads` kwenye kompyuta yake, tazama kama kuna faili lililoshuka dakika zile na limetoka wapi, kisha tazama historia ya kivinjari. Muulize swali moja kwa upole: ulilifungua lile faili, au lilishuka tu? Kama lilishuka tu, lifute, umetoka salama. Kama alilifungua, chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi, usiendelee kuingia humo kwa akaunti ya msimamizi, mwite anayehusika na usalama, na nywila zake zibadilishwe kutoka kompyuta nyingine. Kuchanganua kwa antivairasi na kuona "hakuna kitu" hakutoshi kuirudisha kompyuta ile kazini.

Tangu 2024 umeenea mtindo mwingine usiohitaji faili. Ukurasa unamwambia mtu abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter, ili "kukamilisha sasisho". Kumbe ukurasa umeshanakili amri kwenye kumbukumbu ya kubandika, naye anaiendesha kwa mkono wake. Mwaka 2025 ilionekana hata skrini nzima ya bluu iliyoigiza Windows Update, ikiwa na asilimia zinazopanda. Skrini ya kweli ya Windows haimwombi mtu abandike chochote. Hii bandia, kwa kuwa ni ukurasa tu, kwa kawaida hutoka kwenye skrini nzima ukibonyeza Esc au F11.

Kanuni ya kutazama mahali ujumbe ulipokaa ina mpaka wake. Mwaka 2017 wahalifu waliingia kwa watengenezaji wa CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta, na toleo lenye msimbo hasidi likatoka kwenye seva halali likiwa na sahihi halali ya kidijitali. Hapo hakuna mtumiaji ambaye angegundua kwa kutazama skrini, na asilaumiwe.

Kwa ofisi ninazohudumia, hatua ninayoifanya mapema ni kubadilisha programu inayofungua mafaili ya `.js`, `.jse`, `.vbs` na `.wsf` ili yafunguke kwa Notepad. Kwenye kompyuta moja utaipata Settings, Apps, Default apps. Kwa ofisi kubwa itumeni kwa sera ya kikundi. Karani akibofya `Update.js` ataona maandishi yasiyoeleweka, atashangaa, naye atakupigia simu kabla chochote hakijaendeshwa. Ila ulizeni kwanza kama kuna mfumo wa ofisi unaotegemea mafaili hayo, hasa ya `.vbs`, ambayo baadhi ya ofisi huyatumia mtu anapoingia asubuhi kumuunganishia printa na folda za pamoja.