Tarehe na wahusika waliotawanyika kwenye slaidi

Swali: Nina slaidi 38 za mradi wa maji wa wilaya, zimeandaliwa na watu wanne. Bosi anataka jedwali moja la ratiba: hatua, tarehe, mhusika. Nilinakili kila kitu kutoka Outline View kwenda Excel, lakini nusu ya tarehe hazimo, na nyingine zinapingana. Nifanyeje?

Jibu: Outline View huonyesha kichwa na maandishi ya sehemu kuu ya slaidi tu. Kilichoandikwa ndani ya jedwali, ndani ya mishale na maumbo, au kwenye Notes chini ya slaidi, hakionekani hapo. Tarehe nazo hupenda kukaa humohumo. Kwa slaidi 38, pitia kwa macho huku Notes zikiwa wazi. Utamaliza kabla ya chakula cha mchana.

Usianze na jedwali la bosi. Anza na jedwali ghafi, kila mtajo mstari wake, maneno yaleyale ya slaidi, usirekebishe kitu. Kisha panga kwa jina la hatua, ili mitajo ya jambo moja ikae pamoja. Tuseme tanki limetokea hivi:

| Slaidi | Hatua | Tarehe | Mhusika |
|---|---|---|---|
| 7 | Tanki kukamilika | mwisho wa Machi | Mhandisi wa mradi |
| 19 | Ujenzi wa tanki | robo ya tatu | Kitengo cha ufundi |
| 31 | Tanki | 15/04/2025 | Mkandarasi |

Ya 7 na ya 19 hazigombani. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai, kwa hiyo robo ya tatu ni Januari hadi Machi. Ukiisoma kwa kalenda ya kawaida utaisukuma hadi Septemba, na ratiba nzima itakuwa imepinda. Ya 31 ndiyo ya kuulizia: je, ni tarehe mpya ya kukamilika, au ni siku ya makabidhiano? Ikiwa ni makabidhiano, hiyo ni hatua nyingine, mstari wake peke yake. Usichague tarehe kwa sababu slaidi iko mwishoni. Mpangilio wa slaidi hausemi ipi iliandikwa baadaye.

Kwenye mhusika, andika mtu mmoja mwenye cheo. "Kitengo cha ufundi" hakipokei simu. Mkandarasi anajenga, lakini anayeulizwa tanki likichelewa ni mhandisi, basi mstari ni wake. Pasipo jina acha "haijapangwa", usibuni. Bosi atapenda kuliona hilo pengo mapema.

Mwishowe, tarehe za Excel. "Mwisho wa Machi" igeuze 31/03/2025, na kwenye safu ya maelezo weka maneno ya awali pamoja na namba ya slaidi. Halafu, tarehe zikiwa kwenye safu ya C, jaribu:

```
=ISNUMBER(C2)
```

Ikijibu FALSE, hayo ni maandishi tu yenye sura ya tarehe, na ukipanga ratiba mstari huo utaenda kukaa mahali pasipo pake.