Turubai la harusi njiani

"Harusi ya binti yangu ni mwezi ujao, hapa Majengo. Wageni 300, turubai litashika njia. Nimwambie nani kwanza?"

Mamangu, anza na majirani wenye magari na wenye wagonjwa. Wape saa ya turubai kupanda na kushuka, na simu itakayopokelewa usiku.

Kisha barua kwa chifu na mkuu wa kituo cha polisi. Kibali cha kelele na ruhusa ya njia, ulizia kaunti. Rudi na nakala zenye muhuri, maana askari wa zamu hubadilika. Sheria ya kelele huhesabu usiku kuanzia saa mbili, si saa sita kama wapiga taarabu wanavyodhani!

Acha upenyo wa gari moja. Kwetu ambulensi ilikwama nyuma ya viti.