Nimejitoa kwenye grupu la ukoo, shangazi kanirudisha

*Shikamoo Anti. Mimi ni nesi, nafanya kazi za zamu hapa Morogoro. Grupu letu la ukoo la WhatsApp lina watu 180 na halilali: maua ya asubuhi njema, mahubiri, siasa, watu wanauza vitenge. Nimelizima sauti, lakini bado inabidi nipekue kwa sababu misiba inatangazwa humo humo. Mwezi uliopita nilikosa mazishi ya babu mdogo, tangazo lilifunikwa na ubishi wa mpira. Nikajitoa kimyakimya. Saa hiyo hiyo shangazi, ambaye ni admini, akanirudisha na kuandika "karibu tena mwanangu". Nataka kutoka moja kwa moja, nisirudishwe, na nisionekane naringa. Nifanyeje?*
*Nesi wa Zamu*

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba.

Nianze na shangazi yako, maana naona umemkasirikia bure. Watu wazima wengi wakiona mtu katoka kwenye grupu wanadhani kidole kimeteleza. Hukumwambia neno, yeye akaona jina lako limetoka, akakurudisha kwa mapenzi yake yote. Na ujue hivi: tangu mwaka 2022 mtu akitoka kwenye grupu, WhatsApp haitangazi tena kwa watu wote, taarifa inawafikia maadmini peke yao. Kwa hiyo kutoka kwako kulikuwa kimya kwa watu wote isipokuwa maadmini, na kati yao yumo shangazi, aliyestahili kuambiwa kwanza.

Basi mpigie. Usimwandikie, kwa sababu meseji ya namna hii ikisomwa na mtu mwenye wasiwasi inasomeka vibaya, halafu inapelekwa kwa wengine kama ilivyo. Mpigie jioni akiwa ametulia, msalimie, mwulizie afya yake na watoto, kisha useme maneno yanayofanana na haya:

"Shangazi, nina ombi. Msiba wa babu mdogo umeniuma sana, nilikuwa ndani ya grupu na bado sikuuona. Nikitoka zamu ya usiku nalala mchana, nikiamka nakuta meseji mia tatu. Naomba unipe ruhusa nitoke, ila likitokea la msiba au la ugonjwa, wewe au Rehema mnipigie simu. Michango nitaendelea kutuma kwa mweka hazina kama kawaida."

(Rehema nimemtia mimi, weka jina la ndugu unayemwamini.)

Angalia ombi linapoanzia. Linaanzia kwenye mazishi uliyoyakosa, si kwenye kelele. Ukianza na kelele utakuwa umewaambia watu 180 kwamba wanakuchosha, na miongoni mwao yumo yeye mwenyewe anayetuma maua. Ukianza na msiba, anakusikia mtu anayetafuta njia ya kutokosa tena. Na ni kweli tupu, hujatunga kitu. Neno "ruhusa" nalo liache hapo hapo. Najua wewe ni mtu mzima na unaweza kutoka bila kumwomba mtu, lakini yeye akishakuruhusu, kesho mtu akiuliza ni yeye atakayekutetea.

Atakwambia, "Si uzime tu sauti, mwanangu?" Mjibu kwamba umeshaizima, na ndiyo iliyokufanya ukose mazishi. Hapo hana la kuongeza.

Visingizio achana navyo. Ukisema simu imejaa, yuko binamu atakayejitolea kukufutia picha. Ukisema simu ni mbovu, jioni hiyo hiyo utajisahau uweke stetasi ya pilau na shangazi atakuwa wa kwanza kuiona.

Sasa kuna jambo ambalo hukulitaja kwenye barua nami naliogopa kuliko yote, nalo ni pesa. Kwenye ukoo wowote, mtu akitoka kwenye grupu swali la kwanza ni kama ana deni la mchango. Ile orodha unaijua: jina, kiasi kilichoahidiwa, na alama ya tiki kwa waliolipa. Kama mna sendofu au harusi inayokuja, ukaahidi shilingi 50,000 na jina lako halina tiki, usitoke leo. Orodha itaendelea kubandikwa kila jioni, jina lako likiwa tupu na mwenyewe haupo, na utakaporudi nyumbani utakuta umeshaitwa mkimbia michango. Lipa kwanza, subiri uone tiki yako kwenye orodha, ndipo uondoke. Mweka hazina mwandikie pembeni: "Nimemaliza ahadi yangu. Mchango wowote ujao naomba unitumie mimi binafsi kiasi na tarehe." Ukijibu ombi lake la kwanza bila kuchelewa, maneno ya mkimbia michango hayatapata pa kushika.

Jambo la pili la kutengeneza kabla ya kutoka ni hiyo njia ya misiba. Mtu mmoja hatoshi, anaweza kuishiwa bando au kusahau katika vurugu za siku yenyewe. Chagua wawili: shangazi, na mmoja wa rika lako asiyekaa mbali na simu. Waombe wakupigie simu ya kawaida, siyo meseji. Na kwa kuwa unalala mchana simu ikiwa kimya, ingia kwenye simu yako uwaweke hao wawili kwenye orodha ya watu wako maalumu, kisha kwenye mpangilio wa kuzuia usumbufu uruhusu simu zao ziite hata wengine wote wakiwa wamezimwa. Simu nyingi za sasa zina nafasi hiyo. Ijaribu: mwambie mmoja apige ukiwa umezima, usikie kama inaita.

Baada ya hapo chagua siku. Isiwe wiki ya msiba, isiwe katikati ya michango, na hasa isiwe siku ambayo watu wamegombana, maana utahesabiwa upande mmoja hata kama hukusema kitu. Jumatano moja ya kawaida inatosha. Fungua grupu, gusa jina lake juu, shuka mpaka chini kabisa, bonyeza Exit group.

Utajiuliza kama uandike neno la kwaheri. Mimi nasema usiandike. Kwenye watu 180 kwaheri yako itazaa majibu arobaini ya "kuna nini tena?", na mjomba mmoja atatuma ujumbe wa sauti wa dakika sita kuhusu umoja wa familia. Mwombe shangazi aandike yeye, sentensi moja: "Mwanetu yuko kwenye zamu, ameniaga, habari zake zinapita kwangu." Maneno hayo yakitoka kwa mkubwa hakuna wa kuyahoji. Na usijidanganye kwamba hakuna atakayegundua: kwa siku 60 mwanachama yeyote akifungua orodha ya wanachama anaweza kuona waliotoka karibuni. Ndiyo maana ni bora habari iwe imeshasemwa.

Sasa mlango wenyewe. Shangazi mmoja umeshamaliza naye, lakini maadmini ni wengi, na kuna makundi ambayo mwanachama yeyote anaruhusiwa kuongeza mtu. Nenda Settings, ingia Privacy, kisha Groups. Utakuta chaguo tatu. Everyone ni kwamba yeyote mwenye namba yako anaweza kukutia kwenye grupu lolote. My contacts ni wale tu uliohifadhi namba zao, na hapa ndipo wengi wanapokosea, wanaichagua wakidhani wamemaliza. Haikusaidii, kwa sababu shangazi na binamu zako wote namba zao umezihifadhi. Unayoitaka wewe ni ya tatu, My contacts except…, inayokupa orodha ya majina uweke alama kwa wasioruhusiwa. Weka alama kwa maadmini wote, halafu kwa wale ndugu ambao mikono yao ni myepesi. Unawajua.

Walioondolewa hawapati taarifa yoyote siku hiyo. Wanagundua wakijaribu kukuongeza: WhatsApp inakataa, na badala yake inawapa nafasi ya kukutumia mwaliko wewe binafsi. Mwaliko huo unakaa siku tatu, usipoupokea unakufa wenyewe. Lakini usiuache ufe bila neno, hasa ukitoka kwa mkubwa wako. Mjibu siku hiyo hiyo: "Shikamoo baba mdogo, nashukuru kwa kunikumbuka. Nilimuaga shangazi, kwa sasa napokea habari kupitia kwake na kwa mweka hazina. Likitokea la haraka naomba unipigie." Halafu ishia hapo. Akiuliza tena, rudia hayo hayo kwa ufupi zaidi. Ukianza kuongeza sababu mpya kila mara, atapata ya kuijibu.

Mpangilio huo unagusa makundi yote, siyo la ukoo peke yake. Mwalimu wa mtoto wako au bosi mpya ambaye namba yake hujaihifadhi naye hataweza kukuongeza, atatuma mwaliko, kwa hiyo tazama meseji zako usije ukapitwa na grupu la ratiba za zamu.

Kumblock shangazi usithubutu. Ni kweli hataweza kukuongeza, lakini meseji zake zitabaki na tiki moja na simu zake za WhatsApp hazitakufikia, naye ndiye tuliyemkabidhi habari za msiba.

Mwisho, ikitokea mtu ambaye hukumwekea alama akakutia tena, usiandike chochote mle ndani. Toka, mwongeze kwenye orodha yako, kisha umtumie pembeni yale maneno uliyomwandikia baba mdogo. Na kama baba mdogo ni msikivu, mwambie siku moja kwamba grupu linaweza kuwekwa maadmini tu ndio waandike, kwa hiyo mnaweza kuwa na la pili la misiba, ugonjwa na michango peke yake, hili la maua likabaki kwa wanaolipenda. Hilo la pili wakilifungua, ingia. Lakini usilifanye sharti, wala usijitolee kuwa admini wake.