Kampuni inataka video zako milele: bei yake ihesabiwe vipi?

SWALI: Hujambo wakili. Napika mapishi ya Pwani kwenye TikTok na Instagram, hapa Mombasa. Agensi ya kampuni moja ya mafuta ya kupikia imenitumia mkataba: video 3 na stori 6 kwa shilingi 90,000, nilipwe siku 60 baada ya kampeni kuisha. Kampuni itaweza kutumia video popote, milele, na mimi nisifanye kazi na bidhaa nyingine yoyote ya chakula au ya jikoni kwa miezi 12. Kwa kawaida natoza 25,000 kwa video. Je, bei hii ni ya haki? Na nibadilishe nini bila kuipoteza kazi?

JIBU: Sijambo dada. Usiutie saini kama ulivyo. Video tatu kwa 25,000 ni 75,000, kwa hivyo 90,000 inaonekana kama imekuachia ziada. Lakini karatasi hiyo inanunua vitu vinne: kazi ya kupiga na kuhariri video, nafasi kwenye ukurasa wako, ruhusa ya kuzitumia video nje ya ukurasa wako, na ahadi yako ya kuwakataa wateja wengine. Bei yako ya kawaida inalipia viwili vya mwanzo tu. Hivyo viwili vya mwisho umeombwa karibu bure, na ndivyo vyenye thamani kubwa.

Nianze na sharti la miezi 12, maana ndilo linaloumiza zaidi. Fungua rekodi zako za M-Pesa na benki za mwaka uliopita, ujumlishe malipo yote yaliyotoka kwa wauza unga, viungo, majiko ya gesi, sufuria na mikahawa. Tuseme wastani unakuja 20,000 kwa mwezi. "Bidhaa yoyote ya chakula au ya jikoni" inawafungia mlango wote hao, yaani utaacha 240,000 kwa mwaka ili upokee 90,000. Kwa mpishi, sharti hilo ni kama kufunga duka zima.

Hata hivyo kampuni ina hofu ya haki. Haitaki kukuona wiki mbili baadaye ukiyasifu mafuta ya mshindani wake, na mtazamaji naye hatamwamini mtu wa namna hiyo. Kwa hivyo usilikatae sharti lenyewe, lipunguze. Liwe la mafuta ya kupikia peke yake, na majina ya chapa shindani yaorodheshwe, manne au matano, ili pasiwe na ubishi kama siagi au samli imo. Muda uwe miezi mitatu, na uandikwe kwa tarehe za kalenda, ya kuanza na ya kwisha. Ukiandikwa "miezi mitatu baada ya kampeni", kampeni ikiahirishwa utabaki umefungwa bila kulipwa chochote cha ziada, na kampeni huahirishwa mara nyingi kwa sababu mzigo haujafika madukani au bajeti imesogezwa.

Kuna jambo jingine ambalo wapishi hulisahau. Wewe unamimina mafuta kila siku mbele ya kamera. Mkataba ukisema "asionekane na bidhaa ya mshindani", chupa iliyosimama nyuma ya jiko kwenye video ya mahamri itahesabiwa kuwa umevunja mkataba. Andika kwamba kilichokatazwa ni tangazo la kulipwa, na kwamba bidhaa kuonekana kwa bahati katika video zisizo za biashara, au katika video ulizoweka kabla ya tarehe ya kuanza, si kosa. Wakati wa kampeni mimina mafuta kwenye jagi lisilo na jina, nawe utakuwa salama pande zote.

Bei ya sharti hilo ni kazi utakayoikosa kwa sababu yake. Kama kazi ya mafuta hukujia takriban mara moja kila miezi mitatu, basi sharti la miezi mitatu lina bei ya video moja, 25,000. Hoja hii ina nguvu mezani kwa sababu unaweza kuionyesha kwa rekodi zako.

Sasa "popote, milele". Hapa sheria ya Kenya ina mtego ambao wenzako wengi hawaujui. Chini ya kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kazi iliyoagizwa na mtu huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama makubaliano yenu yamesema vingine. Maana yake ni kwamba hata ukikifuta kifungu cha "milele" na kuacha pengo, hujajiokoa, kwa sababu ukimya unaipa kampuni hakimiliki. Lazima uandike kinyume chake waziwazi. Mimi hutumia maneno ya namna hii: "Hakimiliki ya video inabaki kwa mtayarishaji. Kampuni inapewa leseni ya kuzitumia kwa njia, mahali na muda uliotajwa hapa tu, baada ya malipo kukamilika." Hayo maneno manne ya mwisho, yaani "baada ya malipo kukamilika", yasiondolewe: asiyelipa hana leseni.

Sura yako nayo ni jambo tofauti na hakimiliki ya video. Inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Lakini "popote, milele" uliyoitia saini ni ridhaa, na kampuni itaitoa kama kinga yake.

Kwa hivyo igawe ruhusa kwa matumizi. Kampuni kuisambaza video yako kwenye kurasa zake yenyewe, bila kuilipia matangazo, kwa siku 90, mimi huiingiza ndani ya bei ya video. Kuifanya tangazo la kulipia ni jambo jingine, kwa kuwa hapo uso wako unauza bidhaa kwa watu wasiokufuata. Kwa hilo huanzia asilimia 30 ya bei ya video kwa kila siku 30, kwa kila video. Kwako ni 7,500. Televisheni, mabango ya barabarani na kibandiko cha chupa vitajwe kuwa havimo, na wakivitaka siku yoyote mkae upya na bei yake.

Upande wa TikTok una njia nzuri ya kuhakikisha muda unaheshimiwa. Tangazo la Spark Ads hupita kwenye akaunti yako kwa msimbo unaoutoa wewe, nawe unachagua msimbo ufanye kazi kwa siku 7, 30, 60 au 365. Mkataba ukisema siku 30, toa msimbo wa siku 30 na muda utajifunga wenyewe. Ukiwapa faili la video wakalirusha kwa akaunti yao, hakuna kitakacholizima isipokuwa karatasi yako, basi hapo tarehe ya mwisho iandikwe. Malighafi ya kamera, yaani vipande visivyohaririwa, usiviache vikaingia kwenye orodha ya kazi. Kwa vipande hivyo wanaweza kutengeneza matangazo mengine kumi bila kukuita.

Tuhesabu. Video tatu ni 75,000. Stori sita kwa 2,000 kila moja ni 12,000. Video moja kuwa tangazo la kulipia kwa siku 60 ni 15,000. Sharti la mafuta kwa miezi mitatu ni 25,000. Jumla 127,000. Usishtuke kuona imepita bajeti yao, wala usiteremshe bei, punguza vitu. Ukiondoa sharti la washindani inabaki 102,000. Tangazo likiwa la siku 30 badala ya 60, inakuwa 94,500. Stori zikiwa tatu, inafika 88,500, ndani ya pesa walizonazo. Watumie hesabu zote mbili, ya 127,000 na ya 88,500, na kila kitu kwenye mstari wake. Agensi ikiona bei ya kila kitu, mara nyingi yenyewe hugundua kwamba haikuihitaji "milele". Ilikuwa tu kwenye fomu wanayomtumia kila mtu. Wakisema lazima yote yabaki kwa 90,000, mimi ningeiacha kazi hiyo, kwa sababu hesabu ya wateja utakaowakosa inaonyesha hasara.

Upande wa kazi yenyewe, andika urefu wa kila video, mtandao itakapowekwa, tarehe, na siku ngapi itakaa kwenye ukurasa wako. Usiahidi idadi ya watazamaji, maana huimiliki. Hatari kubwa iko kwenye idhini. Mkataba unaosema "video iwekwe baada ya kuidhinishwa", bila muda, unaweza kukuweka ukisubiri majuma huku malipo nayo yakisubiri. Andika kwamba kampuni itajibu ndani ya siku tatu za kazi, na isipojibu video imeidhinishwa. Kwamba marekebisho ni mara mbili, kwa yale tu yaliyo kinyume na maelezo ya kazi waliyokupa. Na kwamba wakibadilisha maelezo baada ya wewe kupiga, kupiga upya kunalipiwa.

Siku 60 baada ya kampeni kuisha ni tarehe usiyoijua, kwa kuwa mwisho wa kampeni unaamuliwa na wao. Omba nusu wakati wa kutia saini, kabla hujanunua nyama na mchele wa kupigia video, na nusu ndani ya siku 14 baada ya video ya mwisho kuwekwa. Kampuni ikiahirisha au ikivunja kazi baada ya wewe kupiga, nusu ya kwanza hairudishwi. Ikivunja baada ya kupokea video zilizokamilika, inalipa zote.

Mwisho, kodi. Tangu Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, anayemlipa mtayarishaji maudhui mkaazi wa Kenya hukata asilimia 5 na kuipeleka KRA. Kwenye 88,500 watakata 4,425 na utapokea 84,075, kwa hivyo mkataba useme kama bei ni kabla ya makato au baada yake. Makato hayo si kodi yako ya mwisho. Yanahesabiwa kama sehemu ya kodi uliyokwisha lipa. Weka sharti kwamba agensi itakupa cheti cha makato kinachotoka kwenye iTax kwa kila malipo, kwa sababu bila hicho, ukiwasilisha ritani yako kabla ya tarehe 30 Juni, hutakuwa na cha kuonyesha kwamba ile 4,425 ilikatwa kwa jina lako.