Partna akitoka, gudwili anailipa nani hasa?

Nimefundisha tushen ya akaunti kwa watu wa diploma muda sasa, na kwenye patnashipu swali linalowamaliza ni moja tu, partna kuondoka. Ukiona mtu kakosa mwishoni, mara nyingi kapotea kwenye rieshio za gudwili, hesabu zenyewe ni za darasa la saba. Twende na mfano mmoja mpaka mwisho.

Asha, Juma na Neema wana duka la hadwea, wanagawana faida 3:2:1. Mitaji yao ni 12,000,000, 8,000,000 na 4,000,000. Mwaka umeisha, faida ni 9,000,000. Kabla ya kugawa kwa rieshio unaangalia kwanza makubaliano yao yanasemaje: Neema anapewa mshahara 1,800,000 kwa sababu ndo anakaa dukani, na kila mtu anapata riba ya mtaji 5%, jumla 1,200,000. Inabaki 6,000,000, hiyo ndo inaenda 3:2:1. Kwa hiyo Juma anapata riba 400,000 na faida 2,000,000, ila mwaka mzima alikuwa anachukuachukua hela, jumla 1,700,000, basi karenti akaunti yake ambayo ilianza na sifuri inabaki na krediti ya 700,000. (Kama hawana makubaliano yoyote ni tofauti, hakuna mshahara wala riba ya mtaji na faida inagawanywa sawasawa, hata kama mmoja kaweka mtaji mara tatu ya mwenzie. Watu hawaamini hili lakini ndo sheria.)

Sasa Juma anasema natoka. Vitabu vinaonyesha bei za zamani, kwa hiyo mnathamini mali upya. Jengo limepanda 4,000,000, stoku imeshuka 1,000,000 maana kuna saruji imeganda, na kuna wadaiwa wa 600,000 ambao wazi hawatalipa. Ongezeko linabaki 2,400,000 na linagawanywa kwa rieshio ya zamani, 3:2:1, kwa sababu jengo limepanda Juma akiwepo. Yeye anapata 800,000, Asha 1,200,000, Neema 400,000.

Haya, gudwili, yaani lile jina la duka na wateja waliozoea kuja hapo. Wamekubaliana ina thamani ya 6,000,000 na hawataki ibaki vitabuni. Unafanya mara mbili: unakrediti mitaji ya wote watatu kwa rieshio ya zamani (3,000,000, 2,000,000, 1,000,000), halafu unadebiti wanaobaki tu kwa rieshio mpya. Wakibaki 3:1, Asha anadebitiwa 4,500,000 na Neema 1,500,000. Ukitoa, Asha kapoteza 1,500,000, Neema 500,000, na Juma kapata 2,000,000 yake.

Hapa ndo pa kukaa kidogo. Tuseme mtihani umekwambia Asha na Neema sasa watagawana sawasawa. Asha anadebitiwa 3,000,000 na alikreditiwa 3,000,000, hajalipa hata mia! Neema alikreditiwa milioni moja, anadebitiwa tatu, analipa 2,000,000 zote peke yake. Wanafunzi wanadhani wamekosea wanafuta, kumbe iko sawa kabisa, Asha alikuwa na nusu na bado ana nusu, ila Neema katoka sehemu moja ya sita mpaka nusu, maana yake fungu lote la Juma kalichukua yeye. Anayeongezewa fungu ndo anayemlipa anayeondoka. Ukilijua hili unaweza kujikagua kabla hujakusanya karatasi: linganisha fungu la zamani na jipya la kila mmoja, kama halijabadilika na wewe umemkata hela, rudi juu.

Turudi kwenye 3:1. Juma anadai mtaji 8,000,000, karenti 700,000, ongezeko la mali 800,000 na gudwili 2,000,000, jumla 11,500,000. Ameondoka na pikipiki ya duka kwa bei waliyokubaliana, 1,500,000, ambayo ndo hiyohiyo iliyoko vitabuni, inakatwa, anabaki anadai 10,000,000. (Bei ingetofautiana na ya vitabuni, ile tofauti ingeingia kwenye akaunti ya kuthamini upya na wote watatu wangeigawana, hii wanaisahau sana.)

Duka halina hela zote hizo, hakuna duka linalokaa na milioni kumi benki zimelala tu, kwa hiyo wanamlipa 4,000,000 kwa benki na 6,000,000 inahamia akaunti ya mkopo. Kuanzia hapo Juma siyo partna tena, ni mdai, ile 6,000,000 inakaa kwenye madeni ya mizania na siyo pamoja na mitaji, na riba yake mwakani ni gharama inayokatwa kabla ya kupata faida, haiingii kwenye akaunti ya mgawanyo kama riba ya mtaji ya Asha na Neema.