Jiandae nami: asubuhi ya usaili

*Shangazi, shikamoo. Natengeneza video fupi za "jiandae nami", na wengi wanaonitazama ni wadogo zangu waliomaliza chuo juzijuzi. Wiki ijayo nina usaili wa uhasibu Sekretarieti ya Ajira. Nataka nirekodi asubuhi hiyo wajifunze kujiandaa, ila wasione nawahubiria. Niseme nini?*
*Binti wa Mbagala*

Marahaba, mwanangu. Sema machache, waone mambo yalishafanyika. Kamera ikiwaka, blauzi iwe imeshapigwa pasi, inaning'inia mlangoni. Umeme ukikatika alfajiri, jipake losheni tu uendelee.

Pa kukaa napo ni kwenye bahasha ya vyeti, maana hapo ndipo watu wanaporudishwa. Matangazo yao ya kuitwa kwenye usaili hudai vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha sita hadi cha chuo, pamoja na kitambulisho. Hati ya matokeo haipokelewi. Basi chai ikiwa inapoa, vipange kitandani kimoja kimoja huku ukisema:

"Cha kuzaliwa. Cha nne. Cha sita. Cha chuo. Kitambulisho. Cha kuzaliwa kina herufi moja tofauti kwenye jina langu, kwa hiyo na hii hati ya kubadili jina. Niliifuatilia mapema."

Atakayesikia hayo atakwenda kufukua vyeti vyake siku hiyohiyo, maana hati hiyo huipati asubuhi ya usaili. Kama majina yako yanafanana kote, usizue, sema, "Jina ni moja kote, nilikagua kabla ya kutuma maombi." Na tafadhali, namba za mtihani na za kitambulisho zifunike kwa kiganja. Mtandaoni kuna watu.

Unapofunga mtandio, wengine huweka muziki. Wewe jibu swali kwa sauti. Chukua jukumu moja kutoka kwenye tangazo la kazi, tuseme usuluhishi wa hesabu za benki, ulielezee kwa kisa chako cha mafunzo kwa vitendo:

"Salio la daftari letu lilikuwa dogo kuliko la benki. Nikapitia hundi tulizotoa moja moja, nikakuta tatu wenyewe hawajazipeleka benki. Nikaziorodhesha, masalio yakalingana."

Ukikwama katikati, usikate video. Anza upya palepale, waone jibu linavyonyooka mara ya pili.

Mwisho, ukivaa viatu: "Usaili ni saa mbili, getini nataka saa moja na nusu. Jana nilipanda daladala mpaka pale, najua nashuka wapi. Namba ya usaili iko kwenye karatasi, maana simu naizima." Kisha uizime kweli, hukohuko nyumbani. Ukumbini usirekodi chochote, na ukirudi, maswali uliyoulizwa usiyaweke kwenye video.