Tangazo la zawadi lisiloleta ugomvi

"Nauza viatu Gikomba. Niliandika: 'Laiki, shea, ushinde raba! Mwisho Ijumaa saa sita usiku.' Mbona watu walinilalamikia?"

Dada, kosa kubwa ni hiyo saa sita usiku. Mmoja anaelewa usiku wa kuamkia Ijumaa, mwingine wa kuamkia Jumamosi. Andika tarehe, kisha "Ijumaa saa mbili usiku (20:00), saa za Nairobi". Halafu hukusema mshindi anapatikanaje. Laiki hununuliwa, usizihesabu kamwe. Andika hivi: "Taja saizi yako kwenye maoni, mara moja tu kwa kila mtu. Kila jina litapewa nambari, na kura ya bahati nasibu itapigwa mubashara Jumamosi saa nne asubuhi. Mshindi asipojibu ndani ya saa 48, tutapiga kura tena." Orodha ya nambari ionyeshe kabla ya kura.